Mhubiri Mgeni Anavyowasalimu Wenyeji na Kusanyiko: Mwongozo kwa Wanaoalikwa Mwanza na Visiwani

Wainjilisti, wahubiri vijana na wanenaji wanaoanza kualikwa katika makanisa ya Mwanza na visiwa vya ziwa huuliza maswali yale yale kila msimu wa mialiko. Je, nianze na "shikamoo" au na "Bwana Yesu asifiwe"? Nimtaje nani kwanza, mchungaji au mkuu wa wilaya aliyeketi mbele? Je, nikienda Magu nisalimie kwa Kisukuma? Niseme mambo ya safari yangu au niingie moja kwa moja katika somo? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa utaratibu wa kazi yenyewe, tangu siku chache kabla ya kusafiri hadi pale unapofungua Biblia na kutaja somo.

Nimeuandika hasa kwa ajili ya ibada ya Jumapili katika makanisa ya Kilutheri, Kianglikana, Afrika Inlandi na ya Kipentekoste, ambako mgeni hupewa mimbari na hutarajiwa kusalimu kabla ya kuhubiri. Wakatoliki wana utaratibu wao: mahubiri ya Misa hutolewa na padre au shemasi, na mlei aliyealikwa kuzungumza hupewa nafasi wakati mwingine, mara nyingi karibu na matangazo. Hata hivyo, mengi ya hapa chini yatamfaa na yeye, ili mradi aanze na "Tumsifu Yesu Kristo" na asubiri jibu la "Milele na milele, amina."

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa haya mapema, na usisubiri kuyapata ukiwa umeshaketi kwenye kiti cha wageni:

- Jina kamili na cheo cha mchungaji mwenyeji, pamoja na jina ambalo watu wake humwitia.
- Majina na vyeo vya viongozi wengine watakaokuwapo: askofu, mkuu wa jimbo, mwinjilisti, katibu wa usharika, na kiongozi yeyote wa serikali aliyealikwa.
- Ruhusa ya mchungaji wako mwenyewe, na salamu zake kwa wenyeji. Makanisa mengi hupenda pia barua ya utambulisho.
- Habari za kusanyiko kwa juma hilo: kuna msiba, mgonjwa, harusi, au jambo zito ambalo watu wamekuja nalo ibadani?
- Muda uliopewa, ukiwa ni dakika zinazojumuisha salamu na mahubiri pamoja.
- Kipande kimoja cha karatasi chenye majina hayo kwa herufi kubwa, kikae ndani ya Biblia kwenye ukurasa wa somo lako.

Jambo la nne ndilo ambalo wengi hulisahau, na ndilo linaloharibu salamu nyingi za mwambao wa ziwa. Nitalirudia katika hatua ya tano.

Hatua ya 1: Mpigie mwenyeji simu na umuulize maswali machache ya wazi

Siku tatu au nne kabla ya safari, zungumza na mchungaji mwenyeji au mtu aliyemteua. Muulize: "Kwenu mnasalimianaje mimbarini?" Swali hili linaonekana dogo, lakini jibu lake hutofautiana. Walutheri wengi na Wapentekoste watakuambia "Bwana Yesu asifiwe" na watu huitikia "Amina" au "Amen". Katika makanisa ya Kipentekoste kuna nyongeza ya "Haleluya" ambayo huitikiwa kwa nguvu. Ukialikwa na Wasabato, ibada yao ni Jumamosi, na watu husalimiana kwa kutakiana Sabato njema. Mgeni anayeitaja siku hiyo kuwa Jumapili kwa mazoea huwa ameteleza katika sentensi yake ya kwanza.

Muulize pia watu wa kusanyiko huitwaje. Walutheri husema washarika, Wapentekoste husema washirika, Wakatoliki husema waamini. Andika neno la wenyeji kwenye karatasi yako, kwa sababu ulimi hurudi kwenye neno la nyumbani mara tu unapopata hofu.

Mwisho, muulize ni nani atakayekutambulisha na atasema nini. Kama katibu atakuwa ameshawatambulisha wageni wote wakati wa matangazo, wewe hutarudia kazi hiyo.

Hatua ya 2: Jua ni lugha gani inafaa mahali unapokwenda

Wageni kutoka Dar es Salaam au Dodoma hudhani kwamba kila anayeishi kando ya ziwa ni Msukuma, na hufika na "Mwangaluka" yao hata Ukerewe. Huko Magu, Misungwi na Kwimba, salamu hiyo itapokelewa kwa furaha. Lakini Ukerewe utakutana na Wakerewe, Wajita na Wakara. Upande wa Musoma kuna Wajita, Wakuria na Wajaluo. Bukoba ni kwa Wahaya. Katika jiji la Mwanza lenyewe kusanyiko huwa na watu wa makabila mengi kiasi kwamba Kiswahili ndicho salamu ya haki kwa wote.

Ikiwa kweli unakwenda kwa Wasukuma na unataka kuwaheshimu kwa lugha yao, zingatia saa. "Mwangaluka" ni ya asubuhi, na mchana unapoingia watu husema "Mwadila". Ibada iliyoanza saa nne inaweza kukufikisha mimbarini saa sita na nusu baada ya kwaya tatu, na hapo "Mwangaluka" uliyoiandaa nyumbani imekwisha muda wake. Sema salamu moja, pokea itikio, ongeza "Wabeja" ya kushukuru, kisha rudi kwenye Kiswahili. Usijaribu sentensi nzima ambayo hukuizoea. Matamshi yakienda kombo watu watacheka kwa upendo, lakini usikivu wao utakuwa umehama.

Mahali penye wazee wengi wasiosikia Kiswahili vizuri, wenyeji watakupa mkalimani. Kutana naye kabla ya ibada kwa dakika tano. Mpe majina uliyoyaandika, mwambie somo lako ni lipi, na mkubaliane kwamba salamu zinazoitikiwa, kama "Bwana Yesu asifiwe", hazitafsiriwi. Zikitafsiriwa, watu huitikia mara mbili na mwendo unavurugika. Mtaje mkalimani kwa jina katika salamu zako, kwa kuwa atabeba nusu ya kazi yako mbele ya watu.

Hatua ya 3: Simama, shika kipaza sauti, na utoe salamu ya imani kwanza

Ukishakaribishwa, nenda mimbarini bila haraka. Katika makanisa ya Kilutheri na Kianglikana usipite eneo la altare kama hukuelekezwa. Nyingi kati ya hizo nyumba zina njia ya pembeni ya kwendea mimbari, na mzee wa kanisa atakuonyesha ukimuuliza kabla. Kipaza sauti kiweke umbali wa kiganja kimoja kutoka kinywani. Huna haja ya kukijaribu kwa "halo, halo" au kukigonga kwa kidole, kwa sababu salamu yako ya kwanza ndiyo jaribio lenyewe.

Kisha sema salamu ya imani ya kanisa hilo mara moja, kwa sauti ya kawaida, na usubiri itikio likamilike.

*Onyo:* Kosa linalowachosha watu kuliko yote ni kurudia "Bwana Yesu asifiwe" mara tatu au nne kwa kuwa itikio la kwanza halikuwa na kelele za kutosha, huku ukiuliza kama wamelala au kama hawakunywa chai. Mgeni hana mamlaka ya kuwakemea wenyeji wake katika sentensi ya kwanza. Katika vijiji vya wavuvi, kosa hili lina uzito zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na wakati mwezi haupo, wanaume wengi walioketi mbele yako wanaweza kuwa wametoka ziwani alfajiri hiyo hiyo, wakanawa, wakavaa na kuja kanisani. Itikio lao la chini ni uchovu wa kazi. Unaweza kuwaambia "Poleni na kazi ya ziwa," na utaona nyuso zikiinuka.

Hatua ya 4: Tambua wenyeji kwa mpangilio wao

Baada ya salamu ya imani, watambue viongozi. Mpangilio wa kawaida ni kuanza na aliye juu zaidi katika kanisa hilo na kushuka: askofu kama yupo, mkuu wa jimbo, mchungaji mwenyeji, mwenzi wake, mwinjilisti, wazee wa kanisa, kisha kwaya na watu wote. Ikiwa kuna kiongozi wa serikali, muulize mwenyeji mapema amweke wapi. Makanisa mengine humtaja mara baada ya askofu, mengine baada ya mchungaji wa mahali, na si kazi ya mgeni kuamua.

Taja kwa jina watu watatu au wanne tu. Wengine uwataje kwa makundi. Ndipo unapoweza kusema ile sentensi ambayo Watanzania wote wanaijua, "itifaki imezingatiwa," na kuendelea. Ninashauri itumike kwa uangalifu: ni sentensi halali mwishoni mwa utambuzi uliofanyika, lakini inakuwa dharau pale mtu anapoitumia badala ya utambuzi, akiwa hajamtaja hata mchungaji aliyempa mimbari.

Mama mchungaji hutajwa kwa cheo hicho katika makanisa mengi, na kumruka ni jambo ambalo kina mama wa kanisa watalikumbuka. Pale ambapo mchungaji mwenyeji ni mwanamke, uliza mapema mumewe hutajwaje, kwa maana usharika mmoja hutofautiana na mwingine.

Kisha salimia rika. Hapa ndipo swali la "shikamoo" linapopata jibu lake. "Shikamoo" haielekezwi kwa kusanyiko zima, kwani ndani yake wamo wadogo zako ambao hawawezi kuitikia "marahaba". Gawa salamu: "Wazee wangu, shikamooni." Wataitikia. "Ndugu zangu, habari za asubuhi?" Wataitikia. "Watoto wetu, hamjambo?" Watoto watasema "Hatujambo," na wengi wao wataongeza "shikamoo" papo hapo, nawe usiwaache bila "marahaba". Mhubiri aliyeendelea na maneno yake huku watoto wakisubiri itikio huonekana hakuwa akiwasalimia kweli. Sehemu hii yote huchukua chini ya nusu dakika.

Mhubiri mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopo hahitaji kutoa "shikamoo", lakini akiona mzee wa kumzidi ameketi mbele, anapendeza sana akimpa heshima hiyo peke yake.

Hatua ya 5: Shukuru, jitambulishe, na useme machache kuhusu safari

Shukuru kwa mwaliko ukitaja aliyekualika na chombo chake, kwa mfano mchungaji na baraza la wazee. Sema jina lako, huduma yako, mahali unapotoka, na familia yako kwa sentensi moja. Toa salamu za mchungaji wako na za kusanyiko lako. Kama umeongozana na watu, waombe wasimame kwa pamoja, wataje, waketi. Usimpe mmoja wao kipaza sauti "asalimie kidogo" bila idhini ya mwenyeji, kwani hicho kidogo kimekula mahubiri ya wengi.

Sasa, kuhusu safari. Mgeni wa visiwani hupenda kusimulia alivyovuka, na ni jambo la kawaida kumshukuru Mungu kwa kufika salama. Lakini ziwa hili lina kumbukumbu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikikaribia Ukara kutoka Bugolora, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Katika kusanyiko lolote la Ukerewe au Ukara, na katika makusanyiko mengi ya jijini Mwanza, kuna mtu aliyezika ndugu yake kutokana na mojawapo ya ajali hizo, au kutokana na mtumbwi uliopigwa na dhoruba bila kuandikwa popote.

Kwa hiyo usifanye mzaha kuhusu mawimbi, na usiigize jinsi ulivyoogopa. Zaidi ya hayo, pima namna unavyotoa shukrani. Mhubiri akisema, "Mawimbi yalikuwa makali, lakini Mungu hawezi kumruhusu mtumishi wake azame," mjane aliyeketi mstari wa nne atasikia kwamba mume wake hakuwa na thamani hiyo mbele za Mungu. Msemaji hakukusudia hivyo, lakini ndivyo maneno yalivyosema. Inatosha kusema: "Tumevuka salama, tunamshukuru Mungu."

Vivyo hivyo kuhusu habari za juma. Kama mwenyeji amekuambia kuna msiba, toa pole ndani ya salamu, kwa sentensi moja au mbili, kabla ya maneno yoyote ya furaha. Usimtaje marehemu kwa jina kama hujalihakiki, na usieleze chanzo cha kifo.

Hatua ya 6: Funga salamu na uingie katika Neno

Tumia sentensi ya kuvusha inayosikika kama mlango: "Sasa tulisikilize Neno la Mungu," ukifuatisha kitabu, sura na mstari. Rudia rejea mara mbili ili wenye Biblia wafungue na wanaotumia simu watafute. Tangu hapo usirudi tena kwenye salamu, hata ukikumbuka mtu uliyemsahau. Nafasi yake utaipata mwishoni.

Salamu zote zisizidi dakika tatu, au tano ikiwa kuna mkalimani. Zisome kwa sauti nyumbani ukiwa na saa mbele yako. Itikio na mwendo wa kwenda mimbarini huongeza muda, hivyo maandishi yanayokupeleka dakika mbili nyumbani ndiyo yatakayofika tatu kanisani.

Mfano mmoja kamili

Tuchukue mwinjilisti kijana wa Kilutheri kutoka Ilemela aliyealikwa katika usharika mmoja upande wa Nansio, Ukerewe. Amepita Bunda, akavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, na amefika Jumamosi jioni. Kwa simu aliambiwa kwamba mkuu wa jimbo atakuwapo, kwamba katibu atawatambulisha wageni wakati wa matangazo, na kwamba Alhamisi usharika ulimzika mzee wa kanisa. Amepewa dakika 35 kwa kila kitu. Salamu yake inaweza kuwa hivi:

> Bwana Yesu asifiwe. *(Amina.)*
>
> Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, Baba Mchungaji wa usharika huu, Mama Mchungaji, Mwinjilisti, wazee wa kanisa, wanakwaya na washarika wote, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. *(Marahaba.)* Ndugu zangu, habari za asubuhi? *(Nzuri.)* Watoto wetu, hamjambo? *(Hatujambo, shikamoo.)* Marahaba.
>
> Kabla sijasema jambo lingine, nawapa pole kwa msiba wa mzee wetu wa kanisa mliyemzika Alhamisi. Mchungaji wangu alipopata habari hii alinituma niwaambie kwamba usharika wetu unaiombea familia yake, na unawaombea ninyi nyote.
>
> Namshukuru Baba Mchungaji na baraza la wazee kwa kunialika. Katibu amekwisha kunitambulisha, sitarudia. Mke wangu na watoto wamebaki Ilemela, wanawasalimu sana. Nilivuka jana salama, nikapokelewa kwa ukarimu, ninamshukuru Mungu na ninaishukuru familia iliyonilaza.
>
> Sasa tulisikilize Neno la Mungu. Tufungue Injili ya Luka, sura ya 5, kuanzia mstari wa 1. Luka, sura ya 5, kuanzia mstari wa 1.

Tazama alichokiacha. Hakusema "Mwangaluka", kwa sababu hayuko Usukumani. Hakusimulia mawimbi. Hakuwataja wazee wa kanisa mmoja mmoja, kwa sababu angemsahau mmoja na kumuudhi. Hakusema "itifaki imezingatiwa", kwa sababu alikuwa ameizingatia na kila mtu alisikia. Pole aliiweka mara tu baada ya salamu za rika. Kama angeanza nayo kabla ya "Bwana Yesu asifiwe", watu wasingekuwa tayari kumsikiliza, na kama angeiweka baada ya shukrani na habari za mke wake, ingeonekana ni jambo lililokumbukwa njiani. Pia ameipeleka kwa kinywa cha mchungaji wake, jambo linaloipa uzito kuliko kama ingekuwa ya kijana mmoja anayepita.

Mhubiri huyo huyo akialikwa Misungwi na Wapentekoste mwezi unaofuata, atabadilisha mambo manne tu: washarika watakuwa washirika, mkuu wa jimbo hatakuwapo na mchungaji kiongozi atatangulia, "Haleluya" itaongezwa baada ya salamu ya imani, na "Mwangaluka" au "Mwadila" itaingia kufuatana na saa. Mfumo wote uliobaki utakuwa ule ule.

Mambo yakienda kombo

*Umesalimu kwa salamu isiyo ya kanisa hilo, na watu wamenyamaza.* Usieleze wala kuomba radhi kwa maneno mengi. Toa salamu yao mara moja na uendelee. Ikiwa hujui salamu yao, "Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo" inapokelewa kila mahali na haidai itikio maalumu.

*Umemsahau kiongozi, na umelikumbuka hilo ukiwa katikati ya mahubiri.* Vumilia. Mwishoni, kabla ya kurudisha kipaza sauti, sema: "Namshukuru pia Mwinjilisti fulani kwa kutupokea." Usiseme kwamba ulimsahau, kwa kuwa kusema hivyo kunamtangaza kama mtu anayesahaulika. Baada ya ibada nenda ukamsalimu kwa mkono.

*Umekosea jina la mchungaji mwenyeji.* Hili lirekebishe papo hapo, kwa neno "samahani" na jina sahihi. Watu wake hawatasikia kitu kingine mpaka urekebishe.

*Umeme umekatika na kipaza sauti kimezima wakati wa kutambua viongozi.* Subiri sekunde kadhaa, kwani huenda jenereta inawashwa. Ikiwa hakuna jenereta, songa hatua mbili mbele ya mimbari, punguza mwendo wa maneno, na uendelee kutoka kwa yule ambaye hakusikika akitajwa. Usianze upya kutoka mwanzo.

*Kiongozi wa serikali au askofu anaingia wakati umeshaanza somo.* Mzee wa kanisa atampokea na kumketisha. Nyamaza kidogo akiwa anaketi ikiwa watu wamesimama, sema "Karibu, Mheshimiwa," na uendelee na sentensi uliyokuwa nayo. Kumtambua rasmi ni kazi ya mwenyeji.

*Ratiba imechelewa, na mwenyeji amekunong'oneza kwamba una dakika 15 badala ya 35.* Punguza mahubiri, lakini salamu zibaki na mambo matatu: salamu ya imani, shukrani kwa mchungaji kwa jina, na pole kama kuna msiba. Salamu za rika, familia yako na safari viache. Dakika moja inatosha.

*Aliyekutambulisha amekupa cheo usicho nacho.* Hili hutokea mara nyingi: mwinjilisti anaitwa Mchungaji, mchungaji anaitwa Askofu au Mtume, mwanafunzi wa chuo cha Biblia anaitwa Daktari. Mtambulishaji huwa na nia njema, na mgeni huona aibu kumsahihisha. Lakini katika kanisa lenye daraja za kuwekewa mikono, cheo ni ahadi, na kuna watu watakaokufuata baada ya ibada wakiomba ubatizo, ndoa au Meza ya Bwana kwa kuamini kile walichosikia. Rekebisha pale unapojitambulisha, kwa sentensi ya kawaida isiyomtaja aliyekosea: "Mimi ni mwinjilisti, ninahudumu chini ya mchungaji wangu huko Ilemela." Wenye masikio wataelewa, na mtambulishaji hatakuwa ameaibishwa.

*Mkalimani anatafsiri salamu zako kwa maneno mengi kuliko uliyosema.* Kata sentensi zako ziwe fupi zaidi, na mtazame kila unapomaliza ili ajue ni zamu yake. Ikiwa anaongeza majina ambayo hukuyataja, mwache. Pengine amewaona viongozi ambao wewe hukuwafahamu, na amekuokoa.